Barua ya kuomba mafunzo ya uhifadhi Mji Mkongwe: namna ya kuieleza kazi yako ya upimaji

Mhitimu wa usanifu majengo anayeomba mafunzo kwa vitendo katika uhifadhi huwa na kitu kimoja tu cha kumtofautisha na wenzake: jengo la zamani alilolipima mwenyewe kwa mikono yake. Alama za chuo zinafanana na programu za kuchorea kila mmoja anazo. Lakini kwenye barua nyingi upimaji huo hupewa sentensi moja, "nina uzoefu wa kupima majengo ya kihistoria", na sentensi hiyo haimwambii msomaji lolote. Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo tu ya barua: uchague nini, ukiandikeje, na wapi watu hujiharibia.

Anayeisoma barua yako, awe ni wa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe au wa ofisi binafsi ya wasanifu, ana swali moja kichwani. Nikimpeleka kijana huyu kwenye nyumba ya Malindi au Sokomuhogo akiwa na tepu na ubao wa kuandikia, ataniletea michoro ninayoweza kuitegemea, au itabidi nirudi kupima upya? Andika ukijibu hilo.

Kabla ya kuandika: rudi kwenye daftari la vipimo

Usianze na kompyuta. Tafuta daftari au karatasi ulizokuwa unaandikia vipimo pale kwenye jengo, maana mchoro safi umeficha mambo yote yanayofaa barua. Chagua jengo moja. Ukiwa umepima matatu, chukua lile ulilokaa nalo zaidi, hata kama si maarufu. Nyumba ya kawaida ya mtaani uliyoijua hadi vyooni ina uzito kuliko Ngome Kongwe uliyopita nayo darasa zima asubuhi moja.

Ukishalichagua, toa mambo manne kwenye daftari: ulipima sehemu gani wewe mwenyewe, ulitumia njia gani, ulihakiki vipi kwamba vipimo ni sahihi, na mchoro ulionyesha kitu gani ambacho macho hayakukiona. La tatu na la nne ndiyo barua yenyewe. Mawili ya mwanzo ni ya kumwongoza msomaji afike hapo.

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho. Ni nyumba ya Kiponda yenye chini na ghorofa mbili juu, iliyopimwa na wanafunzi wanne. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zimebebwa na boriti za mikoko. Mwombaji wetu alipima na kuchora ghorofa ya kwanza, pamoja na mkato unaopita kwenye ngazi.

Kwenye daftari lake kuna chumba chenye urefu wa mita 5.82 na upana wa mita 2.74. Upana huo haumshangazi mtu wa Mji Mkongwe: boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Kinachofaa barua ni vipimo vya kona kwa kona. Chumba hicho kingekuwa kimenyooka, vipimo vyote viwili vya kona kwa kona vingekuwa mita 6.43. Yeye alipata 6.31 na 6.55. Tofauti ni sentimita 24, na kwenye mchoro wa skeli ya 1:50 hiyo ni karibu nusu sentimita, inaonekana bila miwani. Mtu aliyepima urefu na upana peke yake angechora mstatili mzuri, kisha akifika kwenye kuta za nje angeona nyumba haifungi na asijue kosa liko wapi.

Hapo msomaji atajua mara moja kwamba huyu ameshika tepu. Si lazima nambari zote ziingie kwenye barua. Moja au mbili zinatosha, zilizobaki ziache kwa ajili ya mahojiano.

Jinsi ya kueleza uhakiki

Watu wengi huandika vifaa: kipimo cha leza, tepu ya mita 30, timazi, kamera, na wengine huongeza ndege isiyo na rubani. Vifaa havimshawishi mtu. Kinachomshawishi ni kuona kwamba unajua kila kifaa kinadanganya wapi. Leza hudanganya pale mpimaji anaposahau kama imewekwa kuhesabu kuanzia mbele au nyuma ya kifaa, na kosa hilo ni la sentimita kumi na kitu, limo kwenye kila kipimo cha siku hiyo. Tena juani nukta yake haionekani, kwa hiyo ukuta wa mbele wa nyumba mtu huishia kuupima kwa tepu. Tepu nayo hudanganya pale unapopima dirisha hadi dirisha kipande kimoja kimoja halafu ukajumlisha. Vipande tisa, kila kimoja kikikosewa nusu sentimita upande uleule, vinakupa kosa la sentimita nne na nusu mwisho wa ukuta. Ndiyo maana tepu huachwa imelala kuanzia kona moja, na kila ukingo wa dirisha ukasomwa kutoka sifuri ileile.

Mwombaji wetu ana jambo zuri zaidi la uhakiki. Michoro ya chini na ya ghorofa ya kwanza ilichorwa na watu wawili tofauti. Ilipolazwa mmoja juu ya mwingine, ukuta wa nyuma wa juu ulionekana kuingia ndani kwa sentimita 20. Hapo kuna mambo mawili yanayowezekana: au ukuta umepunguzwa unene unavyopanda, jambo la kawaida kwenye nyumba za mawe, au mmoja wa wapimaji amekosea. Mchoro peke yake haukuambii ni lipi. Walirudi, wakateremsha timazi kwenye uwazi wa ngazi kutoka juu hadi chini, na kila mmoja akapima ukuta wake kutoka kwenye uzi uleule. Ikatokea kwamba sentimita 11 ni unene uliopungua kweli, 62 chini na 51 juu, na 9 zilizobaki zilikuwa kosa la kusoma tepu.

Usiogope kuliandika hilo. Anayesimamia upimaji anajua kwamba makosa yapo kila mara. Anamtafuta anayeyakamata kabla mchoro haujamfikia fundi.

Jihadhari na usahihi wa kujisifu. Ukiandika kwamba ulipima "kwa usahihi wa milimita moja" kwenye ukuta wa mawe uliopakwa lipu ya chokaa, umejifunga mwenyewe, kwa kuwa lipu hiyo inapanda na kushuka kwa zaidi ya sentimita ndani ya hatua mbili. Isitoshe, kwenye mchoro wa 1:50 mstari wa kalamu wa milimita 0.2 ni sentimita nzima kwenye jengo. Sema sentimita moja, na wataalamu watakuamini.

Kilichoonekana kwenye mchoro

Upimaji kwa uhifadhi si wa kutafuta ukubwa tu, unafanywa ili jengo lieleweke linaugua wapi. Kwa hiyo sehemu hii inastahili aya yake. Kwenye nyumba yetu, dari ya chumba cha chini ilikuwa na doa la unyevu, na boriti tatu kati ya 14 zilikuwa zimelainika kwenye ncha zinazoingia ukutani. Kwa macho lilionekana ni tatizo la ukuta. Michoro ilipolazwa, doa likaangukia chini kabisa ya sehemu ya kuogea ya juu, na sakafu ya hapo ilikuwa imemwagiwa saruji juu ya boriti.

Andika hivyohivyo, yaani ulichokiona na kilipo. Usiandike kwamba "saruji ndiyo iliyoozesha boriti". Inawezekana kabisa ni kweli, kwani saruji huyazuia maji yasikauke kama yanavyokauka kwenye chokaa, lakini wewe hukufungua sakafu. Ukitoa hukumu kwa mchoro peke yake, mkubwa wa uhifadhi atakuona mtu wa haraka. Ukisema doa liko chini ya bafu na kwamba mliliweka kwenye ripoti kama mahali pa kufunguliwa kwanza, atakuona mtu wa kazi.

Taja pia usichokifikia. Kila nyumba ya Mji Mkongwe ina chumba kilichofungwa, mpangaji aliyesafiri, paa lisilopandika. Sentensi moja inayosema "vyumba viwili vya juu hatukuviingia, na kwenye mchoro vimeonyeshwa kwa mistari ya nukta" ina thamani kuliko aya nzima ya bidii na kujituma. Mchoro unaobuni mahali usipofika ni hatari, maana fundi ataagiza boriti kwa kuutegemea.

Mpangilio wa barua

Ukurasa mmoja. Anwani yako juu kulia na tarehe, anwani ya ofisi kushoto, kichwa kilichoanza na YAH, kisha aya nne. Mkurugenzi mwite Ndugu; "Mheshimiwa" waachie mawaziri na wawakilishi. Ule mstari wa "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" uache, umekula nafasi ya sentensi yako bora. Acha pia kumhadithia msomaji kwamba Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ndiyo kazi yake ya kila siku hiyo. Hata kuanguka kwa sehemu ya Beit el Ajaib Desemba 2020, ambako kunavutia sana kukutaja, hakuna faida kama huna ulilolifanya pale.

Lugha ifuate tangazo. Ofisi za Serikali ya Mapinduzi ziandikie Kiswahili. Mradi uliotangaza kwa Kiingereza uandikie Kiingereza, kwa mambo yaleyale.

Barua ya mwombaji wetu, baada ya anwani, inakuwa hivi:

> YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KWA VITENDO KATIKA UHIFADHI WA MAJENGO
>
> Ndugu Mkurugenzi,
>
> Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika kitengo chenu cha uhifadhi kwa muda wa miezi sita, kuanzia Januari. Nimemaliza shahada ya usanifu majengo mwaka huu. Nikiwa chuoni nilishiriki kupima nyumba ya mawe ya Kiponda, yenye chini na ghorofa mbili, na ramani ya ghorofa ya kwanza niliyoichora nimeiambatanisha.
>
> Tulikuwa wanafunzi wanne. Mimi nilipima na kuchora ghorofa ya kwanza, pamoja na mkato wa ngazi, kwa skeli ya 1:50. Hakuna chumba kilichonyooka, kwa hiyo kila kimoja nilikipima pande zote nne na kona kwa kona. Chumba kikubwa kilitofautiana sentimita 24 kati ya kona na kona. Tulipolaza mchoro wa juu kwenye wa chini, ukuta wa nyuma haukukutana. Tuliteremsha timazi kwenye uwazi wa ngazi, tukapima upya kutoka kwenye uzi mmoja, tukatenganisha unene uliopungua kweli na kosa letu la kusoma tepu. Vyumba viwili vya ghorofa ya pili hatukuviingia, na vimeonyeshwa kwa mistari ya nukta.
>
> Boriti za dari ya chini nilizihesabu na kuziandika moja moja. Tatu kati ya 14 zilikuwa zimelainika kwenye ncha. Michoro ilionyesha kwamba ziko chini ya sehemu ya kuogea ya juu, ambayo sakafu yake imetiwa saruji. Katika ripoti tulipendekeza pafunguliwe hapo kwanza kabla ya kugusa ukuta. Sijapata kufanya kazi ya kutengeneza boriti wala kupiga lipu ya chokaa, na hayo ndiyo ninayotaka kujifunza kwa mafundi wenu.
>
> Naishi Zanzibar na naweza kuanza mara nitakapohitajika. Mwalimu aliyesimamia upimaji huo amekubali kuulizwa. Namba yake imo kwenye wasifu wangu. Daftari la vipimo ninalo na naweza kuja nalo.
>
> Wako mtiifu,

Angalia aya ya tatu inavyoishia. Mhitimu hulazimika kukiri asichokijua, na wengi hukificha au hukililia. Hapa kimewekwa palepale ambapo kazi ya ofisi inaanza: mwombaji analeta upimaji, ofisi ina mafundi wa chokaa na boriti. Usilete mapungufu mengine. Moja linatosha, na liwe ni lile ambalo mafunzo hayo yanaweza kuliziba.

Angalia pia "tulikuwa" na "nilipima". Kazi ya kikundi ikiandikwa yote kwa "nili", msomaji aliyewahi kufundisha atashuku, maana nyumba ya ghorofa mbili haipimwi na mtu mmoja. Ikiandikwa yote kwa "tuli", hatajua wewe ulikuwa wapi. Gawa wazi, na uwataarifu wenzako uliogawana nao kazi, kwa sababu mji ni mdogo na huenda wameomba nafasi hiyohiyo.

Mwenye nyumba hakutajwa, wala wapangaji, wala namba ya mlango. Mtaa unatosha. Nyumba ikiwa ni ya wakfu, hilo unaweza kulisema kwani linaeleza ruhusa ilitoka wapi, lakini mambo ya familia za ndani hayana nafasi kwenye barua. Picha za viambatanisho nazo ziangalie: kanga kwenye kamba na vitanda vilivyotandikwa ni maisha ya watu.

Kama jengo lako ni gofu la Pemba, tuseme Ras Mkumbuu au Pujini, mfumo ni uleule, ila uhakiki hubadilika. Hakuna sakafu ya kulinganisha juu na chini, na kona nyingi zimeanguka. Eleza mlitoa wapi mstari wa msingi wa kupimia, mliuwekea alama gani ardhini, na mlitofautisha vipi kwenye mchoro ukuta uliosimama na ule wa kukisia kutokana na mawe yaliyolala. Hapo ndipo kwenye ugumu wa kazi hiyo.

Viambatanisho na kupeleka

Ambatanisha mchoro mmoja wa A3, si jalada zima, na uwe ni ule unaotajwa kwenye barua. Uwe na skeli, mshale wa kaskazini kama ni ramani ya sakafu, tarehe ya upimaji na majina ya waliopima. Pamoja nao weka nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la vipimo, jinsi ulivyo, na vumbi lake, mradi nambari zinasomeka. Chagua ukurasa wenye vipimo vya kona kwa kona vya chumba ulichokitaja. Msomaji makini atachukua rula, apime kwenye mchoro na alinganishe. Kwa hiyo fanya hivyo wewe kwanza: kama daftari linasema 6.55 na mchoro unatoa 6.43, ujue chumba kilinyooshwa na kompyuta wakati wa kuchora, na mchoro urekebishwe kabla ya barua kutoka. Kosa hili hutokea zaidi pale programu inapoachwa ikivuta mistari yenyewe kwenye pembe mraba. Kuchapisha nako kunaharibu: ukichagua kubana ukurasa utoshee karatasi, 1:50 si 1:50 tena. Weka kipimo cha mstari kwenye mchoro, ili hata ukibanwa usomeke.

Ukipeleka kwa mkono, chapisha nakala mbili. Moja iache masjala, nyingine igongewe muhuri na tarehe ya kupokelewa, ubaki nayo. Ukituma kwa barua pepe, barua na viambatanisho viwe faili moja la PDF lenye jina lako, kwa sababu faili liitwalo "barua mpya mwisho 2" likishapakuliwa halina mwenyewe. Wiki mbili zikipita kimya, nenda au piga simu masjala ukitaja tarehe ya muhuri, uulize barua imepelekwa kitengo gani.

Ukiitwa, chukua daftari lenyewe na tepu. Si ajabu kuambiwa, "Hebu kipime chumba hiki." Anza kwa kuzunguka na kuchora kwa mkono bila kipimo, kisha pande nne, kisha kona kwa kona, na unene wa ukuta uuchukue mlangoni.